Mkataba wa PDF Uliotiwa Saini: Vipi Tutajua Kama Umebadilishwa Baada ya Kusainiwa?



Suali hili tumelipokea kutoka kwa familia moja ya hapa Unguja. Baba yao alifariki akaacha nyumba, na warithi, ambao wamo mayatima wadogo kati yao, wakakubaliana kuikodisha kwa miaka miwili kwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Mpangaji alikuwa Dar es Salaam, kwa hiyo mkataba uliandikwa kwa kompyuta, ukapelekwa kwa barua pepe, na pande mbili zikautia saini huko huko kwenye kompyuta tarehe 14 Machi 2023. Mwezi wa Novemba paa likavuja. Mpangaji akatengeneza kwa shilingi 3,600,000, kisha akatuma nakala ya mkataba kwa WhatsApp. Katika nakala hiyo kifungu cha 7 kinasema kuwa matengenezo ya paa ni juu ya mwenye nyumba na yatakatwa katika kodi. Hiyo ni kodi ya miezi tisa. Warithi wanashikilia kuwa walichosaini kilisema kinyume chake. Wanauliza: je, kuna njia ya kujua kama faili limeguswa baada ya saini, na je, wanaweza kumwambia mtu huyu kuwa ameghushi?

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ni kuwa kinachoitwa saini ndani ya PDF ni vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni picha tu: mtu huchora jina lake kwa kidole juu ya simu, au hupiga picha saini yake ya kalamu na kuibandika kwenye ukurasa. Picha hii hailindi chochote. Anaweza yeyote kuinyanyua na kuiweka kwenye karatasi nyengine, na maneno yaliyo juu yake yanaweza kubadilishwa bila ya picha kutikisika. Cha pili ni saini ya kidijitali. Hapa kompyuta husoma faili zima, hukokotoa kutoka humo alama fupi inayofanana na alama ya kidole, kisha huifunga alama ile kwa ufunguo wa siri wa mwenye kusaini. Herufi moja ikibadilika katika sehemu iliyosainiwa, alama haitolingana tena, na programu ya kusomea itasema hivyo.

Kwa macho, saini hizi mbili zinaweza kufanana kabisa. Kuzitofautisha kunataka kompyuta na programu ya Adobe Acrobat Reader, ambayo hupatikana bure. Usifanye kazi hii kwa simu, kwa sababu programu nyingi za simu huonyesha sura ya saini tu bila ya kuikagua. Usitumie pia picha ya skrini. Faili lenyewe litumwe kwa barua pepe, au kwa WhatsApp kama hati na si kama picha.

Ukilifungua faili lenye saini ya kidijitali, juu ya ukurasa utaona mstari wenye maelezo, na pembeni yake kitufe cha `Signature Panel`. Mambo yakiwa sawa mstari husema `Signed and all signatures are valid`. Ukifungua ile paneli na kuikunjua saini, tafuta maneno `Document has not been modified since this signature was applied`, yaani hati haikubadilishwa tangu saini hii ilipowekwa. Faili lisilo na mstari huo wala paneli halina saini ya kidijitali, hata kama saini nzuri ya wino wa buluu inaonekana chini ya ukurasa wa mwisho.

Familia hii walifanya hivyo kwa nakala ya mpangaji, na hawakuona mstari wowote. Majina yote mawili na tarehe vilikuwepo mahali pake, lakini paneli haikuwepo. Tukawaambia wafungue sifa za faili: ukibonyeza Ctrl na D kwa pamoja, linatoka dirisha la `Document Properties`. Humo mna mistari minne ya kuangaliwa: `Created` ni siku faili lilipozaliwa, `Modified` ni siku lilipobadilishwa mwisho, `Application` ni programu iliyoliandika, na `PDF Producer` ni iliyoligeuza kuwa PDF.

Nakala ya mpangaji ilionyesha `Created` 11/2/2023, na `PDF Producer` ikawa `Microsoft: Print To PDF`. Kijana mmoja wa familia aliisoma tarehe ile kuwa ni 11 Februari, akaona haina neno kwa kuwa imetangulia saini. Hapa pana mtego. Kompyuta nyingi huandika mwezi kwanza na siku baadaye, kwa mtindo wa Kimarekani. Dada yao alikuwa bado anayo barua pepe ya Machi yenye faili la asili. Alipolifungua kwenye kompyuta ile ile, `Created` yake ikasoma 3/14/2023. Hakuna mwezi wa 14, basi nambari ya kwanza ndiyo mwezi, na nakala ya mpangaji imezaliwa tarehe 2 Novemba, karibu miezi minane baada ya kusainiwa.

Yale maneno ya `Microsoft: Print To PDF` nayo yana habari yake. Ni printa ya bandia iliyomo ndani ya Windows: badala ya kutoa karatasi, hutoa PDF mpya. Mtu akifungua mkataba uliosainiwa na kuuchapisha kwa njia hiyo, sura ya saini hubaki lakini saini yenyewe hupotea, kama vile ukitoa fotokopi ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Kabla ya kuchapisha anaweza kuweka kisanduku cheupe juu ya kifungu na kuandika maneno mengine, na katika faili jipya hakuna kitakachomlalamikia. Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na ndiyo ya kuangaliwa kwanza pindi mkataba uliokuwa na saini ya kidijitali unapokujia hauna.

Kisha wakalirudia faili la asili la dada. Paneli yake ilionyesha saini mbili. Ya kwanza ina `Rev. 1` na ya pili `Rev. 2`. PDF iliyosainiwa haifutwi na kuandikwa upya. Kila jipya huongezwa mwishoni mwa faili, kama mtu anayeandika chini ya khati bila ya kugusa mistari ya juu. Saini ya mwenye nyumba ilifunga toleo la kwanza, na saini ya mpangaji ikaongezwa juu yake na kulifunga la pili. Kwa hiyo matoleo mawili katika mkataba wa watu wawili ni jambo la kawaida. Baada ya saini ya mwisho hapakuwa na nyongeza yoyote, na kifungu cha 7 katika faili hilo kinasema matengenezo ya paa ni juu ya mpangaji.

Lau mtu angelibadilisha faili hilo bila ya kulichapisha upya, paneli ingesema. Akigusa maneno ya ukurasa, mstari wa juu husoma `At least one signature is invalid`. Lakini yapo mabadiliko ambayo programu huyaruhusu, kama kuongeza maoni au kisanduku cha maandishi, na hapo saini hubaki kuitwa sahihi huku paneli ikieleza kuwa toleo lililosainiwa halikuguswa ila kuna mabadiliko yaliyofuata. Wengi husoma neno `valid` na kufunga faili. Usifunge. Bofya saini kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `View Signed Version`, na litafunguka toleo kama lilivyokuwa dakika ile ya kusaini. Weka matoleo mawili upande kwa upande, usome kifungu kwa kifungu, hasa kwenye fedha, tarehe na majina.

Kuna onyo jengine linalowababaisha watu bure: `At least one signature has problems`, na ndani yake maelezo kuwa mwenye saini hajulikani. Mara nyingi maana yake ni kuwa kompyuta yako haina mdhamini inayemuamini wa cheti cha yule mtu, wala haina maana kuwa hati imebadilishwa. Ni masuala mawili mbali mbali, moja la hati na moja la mtu. Na kinyume chake pia ni kweli: mtu yeyote anaweza kujitengenezea cheti chenye jina la Fulani bin Fulani kwa dakika mbili, na hati aliyoisaini itaonekana haijaguswa. Ukiona saini ya jina lako usiyoikumbuka, tazama saa na tarehe yake. Nazo, paneli ikisema `Signing time is from the clock on the signer's computer`, zimetoka kwenye saa ya kompyuta ya aliyesaini, ambayo aliweza kuirudisha nyuma.

Hali ni hiyo hiyo kwa tarehe za `Created` na `Modified`. Hubadilishwa kwa urahisi, na pia husogea bila ya nia mbaya, kwa mfano mtu akilihifadhi faili upya. Tarehe hizo zinatuelekeza pa kutazama, lakini hazitoshi kumaliza ugomvi. Na programu iwe mpya: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walionyesha kuwa programu 21 kati ya 22 za kompyuta walizozijaribu ziliweza kudanganywa zikaonyesha saini sahihi kwenye hati iliyobadilishwa. Kasoro hizo hurekebishwa katika matoleo yanayofuata.

Ama suali la pili, la kumwita mpangaji mghushi. Tunaloweza kusema kutokana na mafaili haya ni kuwa nakala aliyotuma si ile iliyosainiwa, na kuwa maneno ya kifungu cha 7 yanatofautiana na yale yaliyofungwa kwa saini yake mwenyewe. Hilo linatosha kuwa yale ya Machi ndiyo ya kufuatwa. Nani aliyebadilisha, faili halisemi. Huenda ni yeye, huenda ni dalali aliyempelekea, na katika sharia yetu anayedai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Wamwandikie kuwa kifungu kinachowafunga wote ni kile cha faili la Machi, wamtumie faili hilo, na wamuombe alifungue `Signature Panel` mbele ya shahidi. Wasilihifadhi upya wala kulichapisha. Barua pepe ya Machi ibaki ilivyo, pamoja na kiambatisho chake.

Wale ambao mkataba wao una saini za picha tu hawana paneli ya kuwasaidia. Kilichobaki kwao ni kulinganisha na nakala iliyotumwa siku ya kusaini. Katika Windows, fungua dirisha la amri kwenye folda yenye mafaili na uandike amri hii kwa kila faili, kwa jina lake:

```
certutil -hashfile mkataba.pdf SHA256
```

Itatoka safu ndefu ya herufi na nambari. Safu mbili zikiwa sawa, mafaili ni mamoja. Zikitofautiana, kuna kilichobadilika, japo ni tarehe ya kuhifadhi tu, na itabidi kusoma nakala zote mbili mstari kwa mstari.