Rafiki yangu na mbwa wangu wamepotea

Ipo sentensi moja fupi inayotosha kuonyesha jinsi Kiswahili kinavyomtazama mnyama mbele ya binadamu: "Rafiki yangu na mbwa wangu wamepotea, nami nimewatafuta tangu asubuhi." Hakuna Mswahili atakayeiona ngeni, lakini ukiifungua utakuta sehemu kubwa ya kanuni ya upatanisho imo humo, pamoja na ile pembe ndogo ambayo watu wengi hukosea.

Anza na kitenzi. Waliopotea ni wawili, mtu na mnyama, na kitenzi ni kimoja. Kiambishi wa- kimewabeba wote bila kusita. Hata katika "nimewatafuta", silabi ile ya -wa- inawarejelea wote wawili kwa pamoja. Sasa mwondoe mbwa, uweke baiskeli mahali pake: "Rafiki yangu na baiskeli yangu..." Hapo ulimi unakwama. Wamepotea? Zimepotea? Msemaji mzoefu huipanga upya sentensi nzima, akasema "rafiki yangu amepotea na baiskeli yangu", ili kitenzi kimfuate mtu peke yake. Mtu na kitu hawaingii kwa raha katika kitenzi kimoja. Mtu na mnyama wanaingia, na hakuna uthibitisho wa wazi kuliko huo kwamba kwa upande wa kitenzi wao ni wa kundi moja, lile ambalo shuleni huitwa ngeli ya A-WA.

Jambo hili lina ajabu yake kwa sababu umbo la neno "mbwa" halilielekei. Mbwa mmoja, mbwa kumi, neno halibadiliki, kama ilivyo kwa nyumba, nguo na ngoma. Tunasema nyumba imeanguka, nyumba zimeanguka. Kwa umbo tu, tungetarajia mbwa imebweka, mbwa zimebweka. Na ndivyo lugha kadhaa za Kibantu zinavyofanya: katika Kizulu, "mbwa anabweka" ni inja iyakhonkotha, na ile i- ya mwanzo wa kitenzi inafuata umbo la inja, si uhai wake. Kiswahili kimechagua njia nyingine. Kinapokutana na nomino ya mtu au mnyama, huacha kuangalia umbo na kuuliza maana.

Ndiyo maana kiboko na kijana, wote wakiwa na ki- mbele kama kiti na kisu, hawafuati kiti. Kijana ameondoka, vijana wameondoka. Kiboko amezama, viboko wamezama. Ukitaka kuona maana ikifanya kazi peke yake, chukua neno lenye maana mbili. "Kiboko amekufa" ni habari ya mnyama wa mtoni, na "kiboko kimekatika" ni habari ya mjeledi. "Ndege ametua" ni kunguru au njiwa, "ndege imetua" ni ile yenye rubani. Nomino haikuguswa hata kidogo, na bado msikilizaji anajua kinachosemwa mara tu kitenzi kinapoanza. Ukubwa wa mnyama wala heshima yake kwa watu haihusiki. Simba ananguruma, nzi ametua kwenye uji, mbu wameniuma, mchwa wametafuna mlango.

Vitabu vingi husema ngeli hii ni ya viumbe hai, na maelezo hayo yanahitaji kuchungwa. Mti una uhai, lakini hatusemi mti ameanguka. Tunasema umeanguka. Uyoga umeota, virusi vimeenea. Upande wa pili, malaika na jini hawapimwi na wanabiolojia, lakini malaika ametokea na jini amempanda mtu. Kinachotafutwa na sarufi ni kiumbe kinachofikiriwa kama mtenda mwenye hisia na mwendo wake mwenyewe, awe mtu, mnyama au roho.

Sasa turudi kwenye sentensi yetu, maana kuna neno nililolipita. Ni *rafiki yangu*, lakini ni *mbwa wangu*. Hapa ndipo mtu na mnyama wanapoachana, na jambo la kushangaza ni kwamba anayebaki na alama ya umbo la zamani ni mtu. Nomino za watu zisizo na kiambishi mbele, hasa za ukoo na ujirani, huchukua yangu na zangu kama nyumba: baba yangu, dada yangu, ndugu yangu, jirani yangu, adui yangu, na kwa wingi dada zangu, ndugu zangu. Mnyama mmoja mwenye umbo lilelile huchukua wangu: paka wangu, ng'ombe wangu, kuku wangu.

Tofauti hiyo haivuki kimilikishi. Ukiongeza kionyeshi au kivumishi, upatanisho wa A-WA unarudi mara moja: rafiki yangu huyu mwema. Ukitumia -a ya uhusiano, unarudi pia: rafiki yake Asha, lakini rafiki wa Asha. Na kitenzi hakitetereki kamwe, kwani hakuna asemaye kwa ufasaha "rafiki yangu imefika". Wala si kila mtu asiye na m- mbele yumo katika orodha hii. Daktari na askari ni watu, na husemwa daktari wangu, askari wangu. Waliobaki na yangu kwa kawaida ni wale ambao karibu kila mara hutajwa kwa uhusiano wao na mwingine: baba huwa ni baba wa fulani, adui huwa ni adui wa fulani. Naona maneno haya yametumika pamoja na vimilikishi kiasi kwamba yameshikana navyo. Mamangu, nduguye na babake ni ushahidi wa mshikamano huo.

Makosa huja kutoka pande mbili. Katika mazungumzo ya bara, hasa Kenya, husikika "mbwa yangu imepotea", msemaji akimfuata mbwa kwa umbo lake tangu mwanzo hadi mwisho. Kosa la pili ni la aliyefundishwa kanuni kisha akaipitiliza: "rafiki wangu amefika". Huyu amekumbuka kwamba mtu ni A-WA, akamvika rafiki vazi hilo hata pale ambapo desturi haimvishi. La kwanza limekigusa kitenzi chenyewe, na kwangu hilo ni zito zaidi.

Kuna mahali ambapo mtu na mnyama hupoteza A-WA pamoja. Ukimdogosha au kumkuza mmoja wao, umbo linashinda: kijibwa kinabweka, kitoto kinalia; joka limepita, jitu limesimama. Msemaji ameongeza dharau, huruma au hofu, na kiambishi kinaibeba hadi kwenye kitenzi. Hata hapo sarufi haikumpendelea binadamu.

Inabaki wingi wa wanyama. Wengi husema, na vitabu vya shule hufundisha, mbuzi wangu wamepotea, na kwa sentensi hiyo huwezi kujua kutoka kwenye kimilikishi kama mbuzi ni mmoja au kundi. Kitenzi ndicho kinachokuambia. Wengine husema mbuzi zangu wamepotea, wakimtenga mmoja na wengi kwa zangu, kama wanavyosema dada zangu wamefika. Wengine huisahihisha kauli hiyo, lakini mimi siioni kuwa kosa. Anayesema "zangu" bado anasema "wamepotea".