Stata ya Umeme na Mwisho wa Hendeli

Injini ya petroli haiwezi kujianzisha. Lazima izungushwe kwanza ili pistoni zivute hewa na petroli, ziubane mchanganyiko huo, ndipo cheche iuwashe. Katika magari ya mwanzo kazi hiyo ilikuwa ya mkono: dereva alisimama mbele ya gari, akachomeka hendeli kwenye krankshafti, akazungusha.

Kuchosha kulikuwa jambo dogo; hatari ilikuwa hendeli kurudi nyuma. Kabla ya kuzungusha, dereva alipaswa kuchelewesha cheche kwa kijiti maalumu. Akisahau, cheche ilitoka kabla pistoni haijafika juu, mwako ukaisukuma chini, na hendeli ikageuka kinyume ghafla. Ndiyo maana wazoefu waliivuta kwenda juu badala ya kuikandamiza chini, na gumba wakaliweka upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi iponyoke kiganjani. Walioishika vibaya walivunjika mfupa karibu na kifundo cha mkono, na madaktari wakaupa mvunjiko huo jina la madereva.

Henry Leland, mkuu wa kampuni ya Cadillac huko Detroit, alitaka hendeli iondoke. Kazi ikamwangukia Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Shaka iliyokuwapo ilikuwa ya haki: mota yenye nguvu ya kuzungusha injini mfululizo ingekuwa kubwa mno kubebwa na gari. Lakini Kettering alikuwa amekwisha kutia mota ndogo kwenye mashine za kuhesabia fedha madukani, na humo alijua kwamba mota inayofanya kazi kwa sekunde chache tu yaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko kiwango chake, mradi ipate muda wa kupoa. Stata haihitaji zaidi ya hapo. Mota yake ilizungusha injini kwa giya, ikitumia volti 24 za betri. Injini ikishawaka, mota hiyohiyo iligeuka jenereta na kuzichaji betri kwa volti 6. Magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yalitoka nayo kiwandani.

Husemwa kwamba stata ndiyo iliyowaingiza wanawake barabarani. Hilo limetiwa chumvi: mwaka 1909 Alice Ramsey aliendesha gari la hendeli kutoka New York hadi San Francisco. Hata hivyo, watengenezaji wa magari ya umeme walikuwa wakiwalenga wanawake kwa sababu magari hayo hayakuhitaji hendeli. Hata Clara, mke wa Henry Ford, aliendesha la umeme. Stata iliwaondolea watengenezaji hao faida hiyo. Sasa mwanamke, mzee, au mtu asiye na mikono yenye nguvu aliweza kuwasha gari la petroli akiwa ameketi, bila kumtegemea dereva wa kuajiriwa, na injini ikizimika njiani hakulazimika kushuka.

Mabadiliko hayakumfikia kila mtu kwa wakati mmoja. Wanunuzi wa Ford Model T, gari la watu wa kawaida, walianza kuuziwa stata mwaka 1919, na magari mengi yaliendelea kubeba hendeli kwa miongo kadhaa, kwa ajili ya siku ambayo betri imeisha.