RSI 80 haisemi kama kakao imefika bei ya mwisho

Tangu bei ya kakao ipande mwaka 2024, wenzetu wengi wa Beni na Butembo wanafuata grafiki ya New York kwenye simu. Chini ya grafiki kuko namba moja, RSI. Ikipita 70 mutu anasema: "Imenunuliwa kupita kiasi, uzisha depo yote leo." Tuangalie ile namba inapima nini.

J. Welles Wilder aliileta mwaka 1978. Inachukua siku 14 za soko. Unajumlisha kupanda kwa siku zilizopanda, unajumlisha kushuka kwa siku zilizoshuka, kisha unagawanya:

```
RS  = kupanda / kushuka
RSI = 100 - 100 / (1 + RS)
```

Tuseme kupanda kwote ni dola 800, kushuka kwote dola 200. RS ni 4, RSI ni 80. (Kisha Wilder analainisha wastani siku kwa siku, lakini maana ni ileile.) Basi 80 inasema tu: kupanda kulishinda kushuka mara nne. Ni kipimo cha kasi. Kama kakao ni ghali ama rahisi, haijui.

Sasa siku 14 zinazofuata: kupanda 600, kushuka 200. RSI inatelemuka mpaka 75. Mutu anaona "imeanza kuanguka", kumbe bei imeongezeka dola 400 tena. Hata ikifika 60, kupanda kungali kunashinda. Kasi kupunguka si bei kurudi nyuma.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024. Mvua mbaya na magonjwa ya miti viliharibu mavuno ya Kodivaa na Gana. Mwanzoni mwa Februari tone moja ilipita dola 5,000 na RSI ilikuwa juu ya 70. Mwisho wa Machi ikagusa 10,000. Mwenye kuuzisha yote juu ya ile 70 tu aliacha nusu ya bei mezani. Kakao ilikuwa inakosekana kweli, na mwenye kiwanda hangoji RSI ishuke ndipo anunue.

70 inasaidia zaidi pale bei inapozunguka kati ya dari na sakafu: ikigusa dari, mara nyingi inarudi. Kwenye mwendo mkali wa kupanda, angalia mapumziko. Bei ikirudi kidogo, RSI mara nyingi inasimama karibu na 40 ama 50, kisha inapanda tena. Ikivunja 40, na bei nayo ikaenda chini ya shimo lake la mwisho, hapo mwendo wenyewe umeguswa.

Hiyo alama inachelewa: utakuwa umekwisha kupoteza sehemu ya kilele, na Mei 2024 bei ilianguka haraka sana. Kwa hiyo mwenye deni la kulipa auzishe sehemu mapema, lakini sababu iwe deni lake, isiwe 70.