Idara Ikikua, Anwani Zitoke Wapi?

Tuchukue mfano wa tawi la kampuni ya kusafirisha mizigo jijini Dar es Salaam, lenye idara nne: huduma kwa wateja, mauzo, uhasibu na utawala. Fundi wa mtandao anataka kila idara iwe na subneti yake, ili aweze kuzuia kompyuta ya mapokezi isiifikie seva ya mishahara, na hitilafu ya upande mmoja isiwavuruge wengine. Kazi yake ya kwanza ni kuhesabu, na wengi hukosea hapohapo kwa sababu wanahesabu watu. Anwani ya IP hupewa kifaa. Mhasibu mmoja ana kompyuta, simu ya mezani inayotumia mtandao na simu janja. Wahasibu saba, printa mbili na seva moja, tayari ni vifaa 24.

Kwa hesabu hiyo, huduma kwa wateja wana vifaa 90, mauzo 50, uhasibu 24 na utawala 10.

Anwani ya IPv4 ina biti 32, na maski ndiyo inayoamua ngapi kati ya hizo ni za kuitambulisha subneti. Zinazobaki ni za vifaa. Maski ya /24 inaacha biti nane, yaani namba 256. Kila ukiongeza moja kwenye maski, namba zinapungua nusu: /25 ina 128, /26 ina 64, /27 ina 32, /28 ina 16. Namba ya kwanza ni ya subneti yenyewe na ya mwisho hutumika kutangazia vifaa vyote kwa pamoja, kwa hiyo hazigawiwi. Ruta nayo inachukua moja. Subneti ya /27, kwa hiyo, inabeba vifaa 29, si 32.

Zamani ruta zilizotumia toleo la kwanza la RIP hazikupashana habari za maski, hivyo subneti zote za mtandao mmoja zililazimika kuwa na ukubwa sawa. Utawala wenye vifaa 10 wangepewa nafasi ileile ya watu wa huduma kwa wateja. RIP ya toleo la pili na OSPF zinabeba maski pamoja na anwani, na ndiyo maana leo kila idara inaweza kukatiwa kipande cha kimo chake.

Jibu linalofundishwa mara nyingi darasani ni kupanga idara kuanzia kubwa hadi ndogo, zikifuatana bila mwanya:

```
Huduma   10.20.4.0/25
Mauzo    10.20.4.128/26
Uhasibu  10.20.4.192/27
Utawala  10.20.4.224/28
```

Zote zimeenea ndani ya /24 moja, na kwenye mtihani fundi angepata alama zote. Lakini tawi likiajiri wahasibu watatu zaidi, kila mmoja na vifaa vyake vitatu, uhasibu wanafika vifaa 33 na /27 haiwatoshi. Wanahitaji /26, ambayo kuanzia 192 inakwenda hadi 255. Humo ndani wamo utawala wote. Hakuna njia ila kuihamisha idara moja: kubadilisha anwani za printa, za seva, sheria za ulinzi kwenye ruta, na kila mahali ambapo mtu aliwahi kuandika namba hizo kwa mkono.

Tatizo hili si geni. Aprili 1991 Paul Tsuchiya aliliandikia waraka mzima, RFC 1219. Wazo lake ni kwamba namba za vifaa zijazwe kuanzia biti za kulia, na namba za subneti kuanzia biti za kushoto, ili biti za katikati zibaki sifuri na kuwa akiba ya pande zote mbili. Maski ikihitaji kusogezwa baadaye, inasogezwa ndani ya akiba hiyo na hakuna anayehama.

Turudi ofisini. Makao makuu yamelipa tawi hili fungu la 10.20.4.0/22, lenye namba 1,024. Hakuna sababu ya kuwabana watu wote kwenye robo yake ya kwanza. Fundi anampa kila mmoja anachohitaji leo, kisha anaacha pembeni yake kipande kingine cha ukubwa uleule:

```
Huduma   10.20.4.0/25    akiba 10.20.4.128/25
Mauzo    10.20.5.0/26    akiba 10.20.5.64/26
Uhasibu  10.20.5.128/27  akiba 10.20.5.160/27
Utawala  10.20.5.192/28  akiba 10.20.5.208/28
Wazi     10.20.6.0/23
```

Safari hii uhasibu wakiongezeka, 10.20.5.128/27 inakuwa 10.20.5.128/26 na hakuna kifaa kinachobadilishiwa namba. Nusu nzima ya fungu bado haijaguswa.

Ila si kila jirani anafaa kuwa akiba. Subneti ya /26 huanzia 0, 64, 128 au 192 tu. Kama uhasibu wangewekwa kwenye 160, kuacha 192 wazi kusingewasaidia, kwa sababu mwenza wa 160 ni 128. Ndiyo maana kila idara kwenye mpango huu imeanzia mahali ambapo subneti ya ukubwa maradufu nayo ingeanzia. Mpango wenye akiba nyingi lakini usiozingatia mipaka hiyo hukwama vilevile.

Siku ya kupanua, maski hubadilishwa kwenye ruta na kwenye DHCP, na kompyuta nyingi huipokea zinapoomba anwani upya. Vinavyosahaulika ni vifaa vilivyowekewa anwani kwa mkono, hasa printa. Chukua printa ya 10.20.5.135 iliyobaki na maski ya zamani, 255.255.255.224. Mhasibu mpya mwenye 10.20.5.170 anatuma waraka, na printa inaupata ujumbe. Lakini ikitaka kumjibu, kwa hesabu yake 170 iko nje ya subneti, hivyo inatafuta ruta. Ikiwa aliyeifunga hakujaza anwani ya ruta, na hilo hutokea sana, jibu haliendi popote. Wahasibu wa zamani wanachapisha, wapya hawachapishi, na lawama zinaelekezwa kwenye kompyuta mpya. Dalili ya kuangalia ni namba: wanaofanikiwa wote wako chini ya 160, wanaoshindwa wote wako juu yake. Mgawanyiko unaoangukia hasa kwenye mpaka wa zamani ni maski, si waya wala printa mbovu. Kwa sababu hiyohiyo, 159 na 160 zisigawiwe mpaka kila kifaa kikaguliwe, kwani kwa kifaa chenye maski ya zamani 159 bado ni anwani ya kutangazia wote.

Akiba nayo ina adui, naye ni fundi mwenye haraka. Kamera sita zinaletwa Ijumaa jioni, anaona 10.20.5.160 haina mtu, anaziweka hapo. Kwa hiyo kwenye daftari la anwani kipande hicho kiandikwe jina la mwenyewe, "akiba ya uhasibu", kisiachwe kama mstari mtupu. Kamera zina nafasi yao kwenye 10.20.6.0/23, pamoja na Waifai ya wageni. Na idara itakayojaza hata akiba yake, kama huduma kwa wateja wakipita vifaa 253, ipewe subneti ya pili kutoka hukohuko kuliko kupanuliwa tena: wanaweza kugawanywa kwa ghorofa au kwa zamu, na ruta ya makao makuu itaendelea kulifikia tawi zima kwa mstari mmoja, 10.20.4.0/22.