Mafua, homa na mbio: kanuni ya shingo

Mkimbiaji anayeamka na mafua anaweza kuamua kwa kuangalia dalili zake ziko wapi. Zikiwa juu ya shingo tu, yaani makamasi, chafya, pua iliyoziba au koo linalowasha kidogo, anaweza kutoka na kukimbia polepole kwa dakika kumi. Akijisikia vizuri, ataendelea. Kichwa kikianza kugonga kwa kila hatua, atarudi nyumbani. Dalili zikiwa chini ya shingo, kama kikohozi cha kifuani, kubanwa pumzi, maumivu ya mwili mzima au kuharisha, hakimbii kabisa. Homa nayo humzuia, hata kama hana dalili nyingine.

Kanuni hii ilienezwa na daktari wa michezo wa Marekani, Randy Eichner, katika miaka ya 1990. Upande wake wa juu uliungwa mkono na jaribio la Chuo Kikuu cha Ball State, ambako vijana wenye afya waliambukizwa mafua kwa makusudi. Waliofanya mazoezi ya wastani hawakuugua zaidi wala kwa muda mrefu kuliko waliopumzika. Hata hivyo, kirusi kilichotumika kilikuwa cha mafua mepesi na mazoezi hayakuwa makali, kwa hiyo matokeo hayo hayamruhusu mtu kukimbia mbio za kasi akiwa na mafua.

Katazo la homa linatokana hasa na moyo. Virusi kadhaa, vikiwamo vya influenza, vinaweza kuvimbisha misuli ya moyo. Hali hiyo hutokea kwa nadra, lakini mazoezi mazito wakati huo yanaweza kuvuruga mapigo hadi kuua. Homa yenyewe pia huuharakisha moyo, takriban mapigo 10 kwa dakika kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Kumeza parasetamoli kisha kuvaa raba ni kujidanganya, maana joto hushuka na ugonjwa ukabaki palepale. Penye malaria, homa hupimwa kwanza kabla ya kuitwa influenza.

Baada ya influenza, homa iwe imekwisha kwa angalau saa 24 bila dawa, na kazi za kawaida za nyumbani zisichoshe. Kipimo kingine ni mapigo ya asubuhi, yanayohesabiwa kabla ya kutoka kitandani. Tuseme mkimbiaji wa kilomita 10 kwa kawaida huwa na mapigo 56, na siku ya pili bila homa anahesabu 68. Siku hiyo atembee tu. Yakirudi karibu na 58, akimbie dakika 15 au 20 kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, kisha aangalie hali yake kesho yake. Akiamka amechoka sana au mapigo yamepanda tena, apumzike. Vinginevyo, aongeze muda kidogo kidogo, na kasi aiache mpaka wiki moja au mbili zipite.

Maumivu ya kifua, moyo kudundadunda ovyo, kuzimia au kukosa pumzi kwa mwendo mwepesi ni dalili za kusimama papo hapo na kwenda hospitali. Misuli ya moyo ikithibitika kuvimba, mapumziko huhesabiwa kwa miezi, mara nyingi mitatu hadi sita, na ruhusa ya kukimbia tena hutolewa na daktari.