Deni la Vitenge Linamfuata Nani?

Kariakoo kuna mali kauli: unabeba mzigo leo, unalipa ukishauza. Hapo ndipo inapojulikana kama biashara yako ni ya mtu mmoja, ya ubia au ni kampuni.

Tuchukue mfano wa Mwajuma na Neema, wauza vitenge. Kila mmoja ametoa milioni 6, faida wanagawana nusu kwa nusu. Hawajaandikishana popote. Siku moja Neema, peke yake, akachukua mzigo wa milioni 18 kwa mali kauli. Masika yakaingia stoo, vitenge vikalowa na kuota ukungu. Kilichookolewa kiliuzwa kwa milioni 5, zote akapewa mwenye mzigo. Bado milioni 13.

Neema hana kitu. Mwajuma ana nyumba Mbagala.

Kwa kuwa wanafanya biashara pamoja na kugawana faida, sheria inawahesabu wabia hata bila karatasi, na mbia mmoja akikopa kwa ajili ya biashara amewafunga wote. Mwenye mzigo anaweza kumdai Mwajuma milioni 13 nzima. Akishalipa, ndipo amgeukie Neema kumdai nusu yake, kama atampata. Mkataba wa ubia ungewasaidia wao kwa wao. Mwenye mzigo haumhusu.

Angekuwa Mwajuma peke yake, deni lingekuwa lake vilevile, ila angalau angekuwa amelikopa mwenyewe. Kusajili jina la biashara BRELA hakubadilishi hilo. Jina ni kibao cha mlangoni tu. Anayedaiwa ni mwenye duka.

Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Ingekuwa kampuni ndiyo iliyokopa, zingekwenda mali zake, na wenye hisa wangepoteza walichoweka. Nyumba ya Mbagala isingeguswa. Lakini kuna hisa za kwenye fomu tu: wengine huchukua hisa za milioni 50 ili waonekane wakubwa, bila kuzilipia. Kampuni ikifilisika, hizo ambazo hazijalipiwa utadaiwa.

Kinga hiyo ina gharama. Kila mwaka kuna taarifa ya kupeleka BRELA na hesabu za kukaguliwa, hata kama duka lilidorora. Faida ya kampuni hukatwa kodi asilimia 30, ilhali mfanyabiashara mdogo binafsi anaweza kukadiriwa kwa mauzo yake. Kwa anayenunua kwa fedha taslimu, naona jina la biashara linatosha. Ubia wa mdomo ndio ninaouogopa. Kampuni naiona ina maana pale madeni yanapoanza kuzidi mali iliyomo dukani.

Hata hivyo, wauzaji wa jumla na mabenki wanaijua kinga hiyo. Watamwomba Mwajuma asaini mara mbili: ukurasa mmoja kwa niaba ya kampuni, mwingine kama mdhamini, kwa jina lake. Akisaini huo wa pili, nyumba ya Mbagala imerudi mezani.