Mmenyuko Unaogeuka Njiani: Hesabu Ndogo Ndani ya Msuli

Septemba 2021, uwanjani Kasarani jijini Nairobi, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika. Kila msuli uliovuta ulitumia ATP, molekuli ambayo seli huivunja kila inapotaka kufanya kazi. Lakini akiba ya ATP ni ndogo ajabu. Msuli uliopumzika una milimoli 4 hivi kwa lita, kiasi ambacho mbio kali zingekimaliza kwa sekunde moja au mbili kisingejazwa tena.

Anayejaza kwanza ni fosfokreatini. Molekuli hii hubeba fosfeti, na mara ATP inapovunjika na kuwa ADP, kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi huichukua fosfeti hiyo na kuipachika kwenye ADP. ATP inarudi, na kinachobaki upande wa pili ni kreatini tupu:

fosfokreatini + ADP ⇌ ATP + kreatini

Mjerumani Karl Lohmann alieleza mmenyuko huu mwaka 1934. Ule mshale wenye ncha mbili haukuwekwa kwa urembo. Mkimbiaji akishavuka mstari na kuanza kuhema, mmenyuko huohuo, kwa kimeng'enya kilekile, unageuka na kuanza kutengeneza fosfokreatini.

Ukifungua kitabu cha baiolojia ya molekuli utakuta kwamba badiliko sanifu la nishati huru la mmenyuko huu ni kama kilojuli −12.6 kwa moli. Alama ya kutoa humaanisha mmenyuko unakwenda mbele wenyewe. Msomaji makini atauliza: kama kitabu kinasema unakwenda mbele, nani anaurudisha nyuma?

Jibu limo katika neno sanifu. Tuseme tunaweka kemikali zote nne katika chupa ya maabara pamoja na kimeng'enya, halafu tunasubiri mpaka pasiwe na kinachobadilika tena. Hapo tunazidisha ATP kwa kreatini, tunagawanya kwa zao la ADP na fosfokreatini, na tunapata takriban 162. Hiyo ndiyo namba ya msawazo, K. Haijali ulianza na nini chupani. Mmenyuko ukishatulia, uwiano huo unakuwa uleule. Badiliko sanifu la nishati huru halina siri nyingine zaidi ya namba hiyo iliyoandikwa kwa kipimo cha nishati:

ΔG°′ = −RT ln K

Katika nyuzijoto 25, RT ni kilojuli 2.48, na logi asilia ya 162 ni 5.09. Zidisha, weka alama ya kutoa, na unapata −12.6. Kwa kuwa ni logi, kila kilojuli 5.7 zinazoongezeka zinazidisha K mara kumi.

Sasa, thamani hiyo ya −12.6 ingekuwa nishati halisi ya mmenyuko kama kila kemikali ingekuwa na ukolezi wa moli moja kwa lita. Msuli wa namna hiyo haupo. Katika msuli uliopumzika, vitabu hutoa makadirio haya kwa milimoli: ATP 4, kreatini 13, fosfokreatini 25, na ADP iliyo huru 0.013 tu. Tupige hesabu ileile tuliyopiga chupani. Nne mara 13 ni 52. Kumi na tatu ya elfu mara 25 ni 0.325. Gawanya, unapata 160.

Msawazo ulikuwa 162. Uwiano halisi wa ndani ya seli, ambao wanakemia huuita Q, umekaa palepale karibu. Nishati inayosukuma mmenyuko kwa wakati huo hupatikana kwa kulinganisha namba hizo mbili:

ΔG = RT ln(Q/K)

Q ikilingana na K, logi ni sifuri, na msukumo ni sifuri. Zile kilojuli 12.6 za kitabuni zimeliwa zote na ukweli kwamba msuli tayari umejaa ATP na hauna ADP ya kutosha.

Mlio wa kuanza mbio unaposikika, misuli inavunja ATP. Tuseme ADP inapanda kutoka 0.013 hadi 0.026. ATP imepungua kutoka 4 hadi 3.987, upungufu ambao hata kuupima ni shida. Lakini Q imeshuka hadi takriban 80, nusu ya K, na ΔG imekuwa kilojuli −1.75. Fosfokreatini inaanza kutoa fosfeti zake.

Baada ya mbio, tuseme fosfokreatini imebaki 10 na kreatini imefika 28. Mitokondria, zikiwa na oksijeni, zinaikamata ADP na kuifanya ATP, mpaka ADP inabaki 0.05. Q sasa ni 224, juu ya K. ΔG ni kilojuli +0.8, maana yake njia iliyo wazi ni ya kurudi. Akiba inajazwa upya ndani ya dakika chache, na hakuna aliyebadilisha kimeng'enya wala kubonyeza swichi yoyote.

Kwa nini inakuwa rahisi hivyo? Kwa sababu molekuli hazisimami, hata kwenye msawazo. Kila sekunde nyingine zinakwenda na nyingine zinarudi. Pale ΔG ilipokuwa −1.75, zinazokwenda zilikuwa takriban mara mbili tu ya zinazorudi, kwa hiyo badiliko dogo la ADP linatosha kugeuza mizani. Linganisha na kuvunjika kwa ATP yenyewe msulini, ambako ΔG halisi ni kama −60. Huko, kwa kila molekuli inayorudi kwa njia hiyohiyo, zaidi ya bilioni kumi zinakwenda. Ongeza ADP mara mbili au mara kumi, mwelekeo hautikisiki.

Kimeng'enya hakina sauti katika suala la mwelekeo. Kinaharakisha kwenda na kurudi kwa kiwango kilekile, na K inabaki ilivyo. Kazi yake ni kuufikisha mmenyuko msawazoni upesi, na msuli una kreatini kinasi kwa wingi ndiyo maana unaweza kukaa karibu na 162 muda mwingi. Mmenyuko wenye kimeng'enya haba ungeachwa nyuma na mabadiliko, na hesabu hii isingeufaa.

Kuna tahadhari moja. Ile 162 ni ya pH 7, na mmenyuko huu, tukiuandika kikamilifu, humeza pia ioni moja ya hidrojeni. Msuli ukijaa asidi baada ya mbio kali, K inayotumika hupanda, na mmenyuko huvutwa zaidi upande wa ATP. Ndiyo maana fosfokreatini hurudi polepole zaidi kwenye msuli ambao bado una asidi nyingi.

Watafiti wa misuli wanaitumia K hii kwa namna ambayo mimi naiona ya kijanja. Mashine zenye sumaku kubwa, jamaa za MRI ya hospitalini, huweza kuzisoma atomi za fosforasi ndani ya mguu wa mtu aliye hai, na kuonyesha ATP na fosfokreatini waziwazi. ADP huru ni kidogo mno, haionekani. Ukikata kipande cha msuli na kukipima maabara, utapata ADP nyingi mno, kwa kuwa sehemu kubwa imeng'ang'aniwa na protini na haishiriki katika mmenyuko. Kwa hiyo wanapima pH na vile vinavyoonekana, wanakadiria kreatini, wanaamini kwamba kreatini kinasi imeufikisha mmenyuko kwenye msawazo, halafu wanatumia K kukokotoa ADP. Ile 0.013 tuliyoanza nayo ni namba ya aina hiyo, na ndiyo maana isitushangaze sana kwamba hesabu yetu ya msuli uliopumzika iliangukia karibu kabisa na 162.